Kunguni kwenye nyumba ya wapangaji sita, Isyesye: nimwandikieje mama mwenye nyumba, na nani alipe?

Binti wa Isyesye

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nimepanga chumba na sebule hapa Isyesye, Mbeya, kwenye nyumba ndefu yenye wapangaji sita. Kuta tunashirikiana, na dari la bodi limepita juu yetu wote bila ukuta wowote kulikata. Jirani akikohoa usiku namsikia kama yuko sebuleni kwangu. Nililipa kodi ya miezi sita, 70,000 kwa mwezi, nikaingia mwishoni mwa Aprili na godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni.

Mwezi wa Mei mwanangu akaanza kuamka na vipele vilivyopangana mstari shingoni na mikononi. Neti tunafunga kila siku, kwa hiyo nilijua si mbu. Nikapindua kitanda mchana na kumulika na tochi ya simu: chaga zina vidoa vyeusi kama wino uliodondoka, kwenye mshono wa godoro kuna maganda, na kunguni wenyewe wamejibana kwenye tundu la skrubu.

Mama mwenye nyumba anaishi Tukuyu. Nilimpigia, tukasalimiana vizuri, nilipofika kwenye hoja akasema nyumba yake haijawahi kuwa na kunguni, kunguni huja na mpangaji, kwa hiyo nipulize mwenyewe. Akanikumbusha sentensi iliyomo kwenye mkataba: "Mpangaji atatunza usafi wa chumba na kugharamia matengenezo madogo madogo." Anasema kunguni wanaingia humo.

Nimemuuliza mpuliza dawa mmoja. Kwa upande wangu peke yake anataka 50,000, kwa nyumba nzima 210,000, na bei zote mbili ni za kupuliza mara mbili. Nataka nimwandikie mama barua ya heshima lakini isiyo legelege, nimwombe apulize nyumba nzima na tuelewane nani analipa nini. Kodi yangu inaisha Oktoba na sina fedha ya kuhama sasa hivi. Naombeni mnisaidie namna ya kuliweka.

---

Mkulima wa Igurusi

Pole sana dada. Barua zitakuchelewesha wakati mtoto anaumwa. Nenda duka la pembejeo ununue vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Weka viwili vitatu kwenye kisahani chini ya kitanda, funga madirisha, ziba chini ya mlango, ukalale kwa ndugu usiku mmoja. Kesho yake unafagia wafu. Sisi ghalani tunaua dumuzi kwa hivyo hivyo, na gharama yake haifiki hata elfu kumi.

---

Fundi Dawa Uyole

Dada, tafadhali sana usifanye hivyo, na ndugu yangu wa Igurusi naomba unisikilize bila kukasirika. Ni kweli kile kidonge kinaua kunguni, na hata mayai. Tatizo ni kwamba hakiui kwa kuguswa. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haikai chumbani kwa sababu mlango umefungwa. Huyu dada amesema dari limepita juu ya wapangaji wote. Gesi itapanda darini na kushuka kwa jirani aliyelala na watoto wake. Haina dawa ya kuipoza hospitalini, madaktari wanabaki kumsaidia mgonjwa apumue na moyo usisimame. Kidonge kile ni cha ghala au mahindi yaliyofunikwa turubai, mahali ambapo hakuna mtu anayelala karibu. Na kwenye baridi hii ya Julai kinafanya kazi polepole, maana yake ukirudi kesho ukifagia, kilichobaki kwenye kisahani bado kinatoa gesi.

Mimi napuliza dawa majumbani huku Uyole na mjini. Kabla ya barua naomba unijibu mambo matatu. Kabla yako alikuwepo nani na alitoka lini? Rangi ilipakwa lini? Na majirani wanaumwa au ni wewe peke yako?

---

Mkulima wa Igurusi

Nimekuelewa fundi. Sikuwaza habari ya dari. Ghala letu liko mbali na nyumba.

---

Kijana wa Mafinga

Mimi kwangu ni panya. Wanapita juu ya dari usiku kucha na wameshatoboa gunia la mahindi. Mwenye nyumba amesema nifuge paka. Je, na mimi naweza kumdai apulize dawa?

---

Mama Wawili Makambako

Kijana, panya hapulizwi dawa, panya anazibiwa tundu, na tundu la darini au kwenye ukuta ni la mwenye nyumba. Gunia lako ni lako, liweke juu ya chaga au kwenye pipa lenye mfuniko. Fungua uzi wako tukusaidie, hapa tumalize la kunguni.

Binti, mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba nane hapa Makambako. Nitakwambia upande wetu ili barua yako imfikie mama mahali anapoumia. Mpangaji wangu mmoja alileta kochi la mtumba, miezi miwili baadaye vyumba vitatu vikawa na kunguni. Nililipa mimi, yeye akahama na deni la kodi. Kwa hiyo mama wa Tukuyu akisema kunguni huja na mpangaji, hasemi uongo, ameyaona. Ukimwandikia kana kwamba unamtuhumu nyumba yake ni chafu, atafunga masikio.

---

Wakili Mtarajiwa

Kamwene nyote. Nasoma sheria hapa Iringa. Dada, kwa bahati mbaya ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna sheria inayomlinda mpangaji siku hizi, ni mkataba wenu tu. Ila una silaha moja: pulizia mwenyewe, tunza risiti, halafu kata 50,000 kwenye kodi ya Novemba.

---

Karani Mstaafu

Mwanangu wa Iringa, umepatia nusu. Ile sheria ya kodi za nyumba imefutwa kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ipo, na kifungu chake cha 88 kinaweka masharti ambayo yamo ndani ya kila upangaji hata kama mkataba haukuyaandika. Moja ni kwamba chumba au nyumba ya kuishi inayopangishwa iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuanza, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Lingine ni kwamba mtu akipangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na sehemu za pamoja anazitunza mwenye jengo.

Nisimdanganye binti: kunguni hawakutajwa kwa jina. Mama anaweza kusema chumba chenye kunguni bado kinakalika. Na kifungu kinachofuata kinamtaka mpangaji naye atunze jengo kwa kiasi kinachostahili na amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa saa za kistaarabu. Pande zote mbili zina la kushika.

Hili la kukata kodi sikubaliani nalo kabisa. Ukikata bila maandishi ya mama, mbele ya baraza unaonekana mdaiwa wa kodi, na kesi yako ya kunguni inageuka kuwa kesi yako ya deni. Akikubali kwa maandishi kwamba ukate, kata.

---

Binti wa Isyesye

Asanteni sana. Fundi, majibu ni haya. Kabla yangu alikaa kaka mmoja aliyetoka Februari, chumba kikakaa kitupu hadi nilipoingia. Rangi ilipakwa Aprili, ilikuwa bado inanuka. Majirani niliwauliza jana bombani. Chumba cha pili, kaka anayeuza mitumba Mwanjelwa, ameniambia kwa kunong'ona kwamba anao tangu mwaka jana, ila anaona aibu kusema. Chumba cha nne hawana. Chumba cha tano mama hakutaka kujibu. Mimi niko cha tatu.

Kwa hiyo si wameletwa na huyu wa mitumba?

---

Fundi Dawa Uyole

Inawezekana, na inawezekana siye. Usimtaje kwenye barua. Amekuambia ukweli kwa hiari, na ukimgeuza mshtakiwa, siku ya kupuliza hatafungua mlango. Mlango wake ndio unaouhitaji kuliko wote.

Sasa sikiliza habari ya rangi. Panda kwenye stuli na tochi, ukague pale dari linapokutana na ukuta, hasa kwenye ule ubao mwembamba wa pembeni, na kwenye fremu ya mlango. Unatafuta vidoa vyeusi au maganda yaliyofunikwa na rangi. Ukikuta ganda limenaswa ndani ya rangi ya Aprili, hilo lilikuwepo kabla hujaleta godoro lako. Usilibandue. Lipige picha likiwa mahali pake, uweke sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na nyingine ya mbali inayoonyesha ni kona ipi.

Mama atasema chumba kilikaa kitupu kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili, kunguni gani angebaki hai bila damu. Mwambie kwenye ubaridi wetu kunguni mkubwa anakaa miezi mingi bila kula. Tena hakukaa na njaa: chumba cha pili kina mtu, ukuta ni mmoja, na soketi za umeme zimetoboa ukuta pande zote mbili. Wanapita humo.

Halafu fanya jambo dogo litakalokupa ushahidi bila maneno. Sogeza kitanda kisiguse ukuta, shuka na neti visiburute chini, kila mguu wa kitanda uuweke ndani ya kikopo cha plastiki chenye kuta laini, upake poda ya mtoto kwa ndani. Kunguni hawezi kupanda plastiki laini yenye poda. Waliotoka ukutani kukufuata utawakuta nje ya kikopo, wanaoshuka kitandani utawakuta wameangukia ndani. Waombe na majirani wanaokubali wafanye hivyo. Asubuhi mnaandika mmekuta wangapi na upande gani. Hiyo karatasi mama akiiona ataelewa kwamba kupuliza chumba kimoja ni kutupa 50,000.

---

Dada wa Forest

Hili la chumba kimoja nathibitisha. Nilipokuwa nimepanga Forest, jirani yangu alipuliza kwake tu, kimya kimya. Wiki hiyo hiyo kwangu, ambako hapakuwa na hata mmoja, wakaanza kutokea kwenye soketi ya pasi. Nilimchukia yule jirani bure. Mwenye nyumba ndiye aliyekataa kupuliza pote.

---

Binti wa Isyesye

Nimepanda stuli. Juu ya mlango wa chumbani, kwenye kona ya ule ubao, kuna maganda matatu yaliyopakwa rangi juu yake, na vidoa vyeusi vimejitokeza kupitia rangi nyeupe. Nimepiga picha na sarafu ya mia mbili. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwa hasira, nikakumbuka Mama Wawili alivyosema.

Nimeandika barua. Naomba mnikosoe kabla sijaipeleka. Nataka nimpe nakala ya karatasi kupitia basi la Tukuyu, na picha yake kwa wasapu.

> Shikamoo mama,
>
> YAH: OMBI LA KUPULIZA DAWA YA KUNGUNI NYUMBA YA ISYESYE NA KUELEWANA JUU YA GHARAMA
>
> Mama, natumaini hujambo na familia haijambo. Mimi ni mpangaji wako wa chumba cha tatu. Naandika kufuatia mazungumzo yetu ya simu.
>
> Chumbani kwangu kuna kunguni kwenye kitanda, kwenye fremu ya mlango na kwenye kona ya dari. Mwanangu ana vipele na hapati usingizi. Nimeambatanisha picha. Picha ya pili inaonyesha maganda yaliyofunikwa na rangi iliyopakwa Aprili kabla sijaingia. Sisemi haya kumlaumu mtu, naonyesha tu kwamba tatizo liko ndani ya jengo na halikuanza na godoro langu. Baadhi ya wapangaji wenzangu wanao pia.
>
> Kwa kuwa kuta na dari ni vya pamoja, mpulizaji anashauri nyumba yote ipulizwe siku moja na kurudiwa. Gharama kwa vyumba sita ni 210,000. Chumba kimoja ni 50,000, lakini watarudi kutoka kwa jirani.
>
> Naomba mambo mawili. Kwanza, upange nyumba nzima ipulizwe ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua hii, na mpulizaji awe na kibali. Pili, unijibu kwa maandishi gharama ya jengo inalipwa na nani. Kwa maoni yangu, kuta, dari na fremu ni vya nyumba, hivyo si matengenezo madogo ya mpangaji, na Sheria ya Ardhi kifungu cha 88 inataka chumba cha kupangisha kiendelee kufaa kukaliwa. Kwa upande wangu nitagharamia maandalizi ya chumba changu: kufua, kuchemsha nguo na mashuka, kupiga pasi na kutoa vyombo.
>
> Tukishamaliza na nyumba ikawa safi, niko tayari tuandike kwamba atakayewaleta upya baadaye chumbani kwake, ikathibitika, atalipia yeye.
>
> Nisipopata jibu nitapeleka suala hili baraza la kata.
>
> Wako katika upangaji,

---

Mama Wawili Makambako

Barua imeandikwa na mtu mwenye adabu. Ningeipokea. Ondoa mstari wa baraza. Barua ya kwanza haiendi na baraza. Kwa mwenye nyumba ni kama kugongewa geti kwa jiwe. Badala yake weka hesabu. Vyumba sita kwa 70,000 ni 420,000 kwa mwezi. Unamwomba nusu ya kodi ya mwezi mmoja kuilinda nyumba. Chumba kikipata sifa ya kunguni, kikikaa kitupu miezi mitatu, ameshapoteza hiyo 210,000. Mimi hilo ndilo lingenifanya nitoe fedha kuliko kifungu chochote.

Ule mstari wa "atakayewaleta upya" ni mzuri, lakini weka muda. Bila muda, akitokea kunguni mmoja wiki ijayo ambaye ni wa zamani, utalipishwa.

---

Wakili Mtarajiwa

Karani, nimekusoma, nimekwenda kusoma kifungu chenyewe na nimekubali. Lakini kwenye baraza sikubaliani na Mama Wawili. Asipoonyesha kwamba anajua pa kwenda, atapuuzwa.

---

Karani Mstaafu

Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kutoa hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kunguni wa 210,000 binti atatumia nauli na muda zaidi ya deni lenyewe. Mimi naungana na mama wa Makambako: mstari huo uutunze kwa barua ya pili. Kifungu cha 88 kiache kama kilivyo, sentensi moja, kimekaa kwa utulivu.

Na hizo nakala: mpe mtu wa kuaminika aipeleke, mama asaini kwenye nakala yako kwamba amepokea na tarehe. Wasapu peke yake anaweza kusema simu iliharibika.

---

Fundi Dawa Uyole

Mimi nasahihisha jambo moja ambalo wengi hawalijui, na linagusa gharama moja kwa moja. Huyo mpulizaji amesema kupuliza mara mbili. Muulize mara ya pili ni baada ya siku ngapi. Akikujibu siku kumi, mwambie hiyo ni ya Dar es Salaam.

Dawa nyingi zinazopulizwa zinaua kunguni aliyekwisha anguliwa, yai haliguswi. Kupuliza kwa pili kunalenga watoto waliotoka kwenye mayai, kabla hawajakua na kutaga. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 27 hivi, mayai yanaanguliwa ndani ya siku sita hadi kumi. Kwenye nyuzi 18 yanachukua karibu wiki tatu, na chumba cha bodi hapa Mbeya usiku wa Julai kinashuka chini ya hapo. Ukirudia siku ya kumi, mayai mengi bado ni mayai. Fundi anachukua fedha yake, mnafurahi wiki mbili, Agosti wanaibuka, na mama anasema: si nililipa? Hapo ndipo wenye nyumba wanaposema wapangaji wanawaleta upya.

Kwa hiyo mara ya pili iwe baada ya wiki tatu hadi nne, na muombe ukaguzi wa tatu mwezi mmoja baadaye, apulize tu kama vikopo vinaonyesha bado wapo. Hili liandikwe kwenye risiti pamoja na jina la dawa. Mwambie akuonyeshe kopo lenye lebo, dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na yeye awe na kibali cha kupuliza. Akija na chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, mrudishe mlangoni. Kuna watu wanaleta dawa ya viazi ya shambani. Inanuka wiki nzima, na kunguni wengi siku hizi wameizoea. Wanalala chali, asubuhi wanaamka.

Kuhusu muda kwenye mstari wako, mimi ningeweka hivi: miezi mitatu ya vikopo vitupu katika vyumba vyote tangu kupuliza kwa mwisho. Ndani ya hiyo miezi, akionekana kunguni ni wa zamani na ni wa nyumba.

---

Mama Wawili Makambako

Miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye nyumba, fundi. Mtu anaweza kuleta kochi mwezi wa kwanza, na mimi nikalipa.

---

Fundi Dawa Uyole

Ni kweli anaweza. Lakini huku kwetu wanakua taratibu. Ukisema mwezi mmoja, hata waliobaki kwenye ufa watakuwa hawajaonekana bado. Hapo sina jawabu litakaloridhisha wote wawili.

---

Binti wa Isyesye

Ndugu zangu, nina majibu. Barua aliipokea na kusaini. Alinyamaza siku kadhaa, halafu akapiga mwenyewe. Alisema picha ya maganda chini ya rangi aliiangalia na mwanaye, na amemuuliza fundi wa rangi kwa nini hakumwambia. Hakusema samahani, lakini sauti ilikuwa tofauti.

Pendekezo lake: yeye atoe 120,000, sisi wapangaji tuchange 15,000 kila mmoja, jumla 90,000. Ameandika kwa wasapu. Miezi mitatu amekataa, amesema mmoja. Wapangaji watano tumekubali kuchanga, akiwemo kaka wa mitumba ambaye amesema atalipia hata siku ya kwanza. Mama wa chumba cha tano amekataa vyote viwili: hachangi, na hafungui mlango. Anasema kwake hakuna wadudu na ana mtoto mchanga, dawa itamdhuru.

Nikubali hii 15,000? Na chumba cha tano tufanyeje?

---

Wakili Mtarajiwa

Usikubali bila kuandika. Ukitoa 15,000 kimya kimya, mwakani atasema mlishakubali kwamba kunguni ni wa wapangaji. Mjibu: tunachangia kwa hiari safari hii ili kazi ifanyike haraka, bila kubadili tafsiri ya matengenezo madogo kwenye mkataba.

---

Karani Mstaafu

Naunga mkono maneno hayo, yaandikwe hivyo hivyo. Toa 15,000. Mtoto wako alale.

---

Mama Wawili Makambako

Na mimi nasema toa. Mama ametoka kwenye sifuri hadi 120,000 kwa barua moja. Huo mwezi mmoja mshikilie wiki sita, anaweza kukubali.

---

Fundi Dawa Uyole

Fedha mmeshazimaliza, hofu yangu ni mlango wa tano. Huyo mama ana haki ya kuogopa kwa ajili ya mtoto mchanga, msimwite mkaidi. Mwambieni ukweli: siku ya kupuliza yeye na mtoto watoke asubuhi, wasirudi hadi dawa ikauke na chumba kipate hewa, muda wa saa nne au tano hivi, na kwenye baridi hii bora zaidi walale kwa ndugu. Nguo na vitu vya mtoto vinatolewa kabla. Neti ya mtoto haipulizwi, inatolewa kabla na kufuliwa. Kama bado anakataa dawa, aombwe vikopo tu chini ya miguu ya kitanda kwa wiki mbili. Vikiwa vitupu, huenda amesema kweli. Vikiwa na kunguni, ataona mwenyewe.

Akifunga kabisa, bado pulizeni. Kata umeme kwenye mita, vyumba vya nne na sita vipulizwe kwa uangalifu zaidi kwenye ukuta unaopakana na wake, na mashimo ya soketi yawekewe dawa ya unga, si ya maji. Mpulizaji apande darini, aweke unga kando ya kuta za chumba chake kwa juu. Haitakuwa kazi kamili, na mwambie mama mwenye nyumba mapema kwamba si kamili, ili akiona wamerudi cha nne asikugeukie wewe.

---

Binti wa Isyesye

Nimeongea naye jioni hii tukiwa tumekaa mlangoni kwake, mtoto nimempakata mimi. Vikopo amekubali. Dawa bado anasema atamuuliza mumewe akirudi kutoka Chunya mwisho wa mwezi. Mpulizaji tumemwekea Jumamosi ya wiki ijayo na kurudi baada ya wiki nne, na mama mwenye nyumba ametuma nusu ya fedha yake leo. Nimemwandikia maneno ya Wakili kama yalivyo, bado hajajibu.

Fundi, je, Jumamosi tuanze bila chumba cha tano, au tumsubiri mumewe?

---

Fundi Dawa Uyole

Anzeni. Kuna mtoto anayeumwa kila usiku chumba cha tatu. Kupuliza kwa pili kutakuwa baada ya mume kurudi, hapo mkiwa na vikopo vyake vya kumwonyesha. Kuanzia kesho chemsha mashuka, usianike tu juani, jua la Julai halitoshi. Usihamishe godoro kwenda kwa mtu yeyote hadi Jumamosi ipite.

---

Kijana wa Mafinga

Nimefungua uzi wa panya. Mama Wawili, karibu.